Mtoto wa Tano kwenye Karatasi ya Mshahara

Karatasi yangu ya mshahara ilikuwa na watoto watano, na nyumba yangu ilikuwa na wanne. Mwaka mzima nililijua hilo. Kila mwisho wa mwezi niliikunja karatasi, nikaitia mfukoni, nikaenda zangu. Sitaki kujisafisha. Niliona nikanyamaza, na kama si mke wangu ningekuwa nimenyamaza mpaka leo.

Mimi ni mtunza stoo wa kampuni inayouza vipuri vya magari kwa jumla, kule kwenye mtaa wa viwanda, karitiye kama tunavyoita hapa. Kazi yangu ni kuhesabu filta, mikanda na breki, na kugombana na watu wanaotaka kutoa mzigo bila karatasi. Nimeifanya miaka mingi kuliko ninavyopenda kusema, na magoti yangu yanajua. Kampuni inatoa mshahara na juu yake posho ndogo kwa kila mtoto unayemlea. Posho yenyewe ni kitu cha kuchekesha, kwa mtoto mmoja hainunui hata kilo tatu za mchele. Lakini mtoto akiandikwa kwenye faili lako anatibiwa kwa nusu ya bei, na hilo si la kuchekesha.

Wa tano hakuzaliwa kwangu. Mama yake ni Mkongomani, alikuwa amepanga chumba cha nyuma kwenye ua wetu hapa Buyenzi, anauza vitenge. Siku moja alisafiri kwenda Kalemie kufuata mzigo, akatuachia binti wa miaka minne kwa wiki mbili. Alirudi baada ya mwaka. Kufika kwake, mtoto alikuwa anamwita mke wangu mama na anapigana na kitinda mimba wetu kila usiku kwa ajili ya blanketi. Hatukugombana. Tulikwenda mahakamani, akatia sahihi karatasi kwamba mimi ndiye mlezi, ili mtoto apate shule na daktari kwa jina langu, halafu akaondoka tena. Miaka tisa ilipita hivyo. Kila Ramadhani mtoto alifunga pamoja nasi mpaka adhuhuri, halafu akaingia jikoni kula kimya kimya, na hakuna aliyemlazimisha hili wala kumkataza lile.

Mwezi wa saba wa mwaka wa tisa mama yake alikuja kumchukua. Alikuwa ameolewa huko Kalemie, ana nyumba sasa, anataka binti yake akae naye likizo. Ni haki yake, nani atasema kitu. Binti alikuwa na miaka kumi na mitatu, amebeba begi la shule lililojaa nguo. Pale mlangoni aliniuliza, "Baba, mu kaye mutaniacha?"

Kaye ni daftari la nyumba. Kila nyumba katika karitiye zetu inalo, yameandikwa majina ya wote wanaolala humo, na shefu wa karitiye ametia muhuri. Polisi wakija alfajiri kukagua wanasoma jina na kuhesabu kichwa, na ambaye hayumo anaeleza vizuri yeye ni nani. Watoto wangu hawajawahi kulifikiria daftari lile. Yeye, mtoto wa ng'ambo, alilijua tangu mdogo. Polisi wakigonga, wa kwanza kulitoa kabatini alikuwa yeye.

Nikamwambia, "Uko mule. Na utabakia." Nilisema kwa wepesi tu, ilikuwa likizo ya wiki nane.

Mwezi wa tisa mama yake alipiga simu. Mtoto ameandikishwa shule kulekule, mume amekubali, Mungu atulipe kwa yote tuliyofanya. Nikasema vizuri, nikasema salamu, nikakata simu. Nakumbuka nilikaa kwenye kreti ya stoo nikashindwa kuhesabu filta mara tatu mfululizo. Mke wangu alipopata habari alifua shuka za kitanda cha mtoto, akakitandika tena.

Januari ofisi ya wafanyakazi inataka kila mtu alete cheti kipya kinachoonyesha familia yake. Cheti kinatolewa kwenye zone, ofisi ya serikali iliyo juu ya karitiye, na karani wa zone hatembei nyumba kwa nyumba, ananakili kutoka kwenye kaye. Kaye yangu ilisema watano. Akaandika watano, akapiga muhuri, nikalipa, nikapeleka. Neno la uongo halikutoka mdomoni mwangu. Hata hivyo nilikuwa nimedanganya, na nilijua njia nzima kutoka zone mpaka ofisini.

Mwezi wa nane, Ijumaa moja baada ya swala, mke wangu alikuwa anapekua mifuko ya suruali zangu kabla ya kufua. Alitoka uani na ile karatasi ya mshahara mkononi.

"Mzee, huyu wa tano ni nani?"

"Unamujua."

"Namujua. Mi nauliza anakula wapi."

Nilimwambia ni kitu kidogo, si cha kugombania mchana wa Ijumaa.

"Sijakuuliza ni ngapi. Nauliza ni ya nani. Mwaka mzima unatulisha haramu, na musikitini unasimama mustari wa mbele."

Nilikasirika. Nilimwambia asinifundishe dini kwenye beseni la nguo. Akanijibu kwamba nikitaka anifundishie sebuleni atanifundishia sebuleni. Ndivyo alivyo, na kwa bahati mbaya alikuwa na haki. Jumatatu nikampigia simu Madamu wa ofisi ya wafanyakazi, yeye ndiye anayeshika mafaili yetu, nikamuuliza mtu akitaka kumtoa mtoto kwenye faili anafanyaje.

"Kuna fomu," akasema. "Mutoto amefariki, ameolewa, ao amepita umuri. Wa kwako ni gani?"

"Amechukuliwa na mama yake."

Nikasikia anapekua karatasi. "Hiyo haiko kwa fomu, Mzee. Basi leta cheti kipya cha familia, na uandike barua. Bila cheti mi siwezi kumugusa, na kompyuta itaendelea kukulipa."

Hapo ndipo nilipochoka kweli. Mtu anataka kuacha kulipwa kisicho chake, na lazima athibitishe. Na cheti kipya kinatoka zone, zone inanakili kaye, na kaye ina jina. Kila njia ilirudi kwenye lile daftari.

Kwa shefu wa karitiye nilikwenda na majirani wawili, ndivyo anavyotaka, watu wa kushuhudia kwamba mtoto hayupo nyumbani. Mmoja ni fundi wa kuchomelea, mwingine anauza mkaa, wote walimjua binti. Shefu aliuliza tarehe, akauliza amekwenda wapi, akawauliza wale kama ni kweli. Mwenye mkaa akasema ni kweli, na kwamba alikuwa mtoto wa adabu sana. Nikamwambia hajafa. Akaniomba radhi.

Shefu akatoa kalamu nyekundu na rula. Ni mtu nadhifu, hafuti kwa mkono mtupu. Alipiga mstari mmoja ulionyooka juu ya jina, akaandika pembeni "ameondoka" na tarehe, akatia sahihi. Jina lilisomeka vizuri chini ya mstari. Niliona uchungu nisioutegemea, uchungu wa mtu aliyeahidi kitu kidogo mlangoni na hakuweza hata hicho. Nikafunga kaye, nikasema asante, maana unasema nini kingine.

Barua niliipeleka kuchapwa Rohero, kwenye chumba kimoja karibu na lilipokuwa soko kuu, chenye kompyuta mbili na mashine ya kunakili. Nilikwenda kwa miguu. Wiki hizo mafuta yalikuwa hayapatikani na mabasi machache yaliyokuwepo yalikuwa na foleni ya kukatisha tamaa. Mwanamke anayechapa ana barua tayari kwa kila shida ya mfanyakazi: kuomba likizo, kuomba avansi juu ya mshahara ujao, kuacha kazi, kulalamika. Alinisikiliza, akashusha miwani.

"Mzee, unaomba wakukate?"

"Ndiyo."

"Si uombe avansi? Avansi niko nayo tayari."

Nikamwambia achape ninachosema. Aliandika kwa Kifaransa chake kizuri: mimi nani, nafanya idara gani, namba ya faili langu. Kwamba mtoto niliyekuwa mlezi wake hakai tena kwangu tangu mwezi wa saba wa mwaka jana, na posho yake imeendelea kuingia kwenye mshahara. Kwamba sikutoa taarifa kwa wakati, na kosa hilo ni langu. Hapo alitaka kuandika "kwa makosa ya ofisi" akasema wote wanaandika hivyo, nikakataa. Kwamba naomba posho isimamishwe kuanzia mwezi huu, ofisi ipige hesabu ya kilichozidi na kunionyesha, na tukubaliane kwa maandishi kitakatwaje. Nilipendekeza kikatwe kwa miezi miwili. Viambatisho: cheti kipya cha zone, sasa chenye watoto wanne, na nakala ya ukurasa wa kaye. Nikachapisha nakala mbili, moja ya kwao na moja ya kupigiwa muhuri wa kupokelewa ibaki kwangu. Mtu aliyefanya kazi stoo hatoi kitu bila kubaki na nakala.

Madamu alisoma barua yote, jambo ambalo si kila mtu ofisini analifanya. Ni mtu wa makamo, ana sauti ya chini na meza yenye mafaili mpaka kwenye kiti cha wageni. Aliyahamisha ili nikae.

"Hapa umeandika alienda mwezi wa saba. Ulikuwa unajua kama harudi?"

"Apana. Ilikuwa likizo."

"Ulijua siku gani?"

"Mwezi wa tisa. Mama yake alipiga simu, amemuingiza shule."

Akafikiri, akapiga mstari kwa penseli. "Basi mwezi wa saba na wa nane alikuwa bado wako, mugeni tu kwa mama yake. Hiyo hatuigusi. Tunahesabu kutoka mwezi wa tisa mpaka huu uliopita. Miezi kumi na mbili."

Sijui kama alijua alichonipa. Wiki nane ni kitu kidogo, lakini kwa kalamu ya ofisi mtoto alibaki wangu wiki hizo nane. Nikajifanya natafuta miwani.

Alifungua karatasi za mshahara moja baada ya nyingine kwenye kompyuta, akaandika pembeni kilichonifikia mkononi kila mwezi kwa ajili ya wa tano, maana katikati ya mwaka posho iliongezwa kidogo na hesabu ya kukisia ingenidhulumu au kuidhulumu kampuni. Akajumlisha, akanigeuzia karatasi nikague mwenyewe. Nilikagua. Ilikuwa sawa. Jumla haikufika hata robo ya mshahara wangu wa mwezi mmoja.

"Miezi miwili inatosha kabisa," akasema. "Hata mumoja, ukitaka. Benki inakukata mukopo?"

"Inakata."

"Basi miwili, usibanwe. Kwa karatasi yako watoto watakuwa wane kuanzia sasa. Na chini, penye makato, utaona mustari kama hii." Akanigeuzia kioo. Uliandikwa kwa kifupi: marekebisho ya posho, mtoto wa tano, halafu alama ya kutoa na kiasi. "Ikiisha deni, mustari inatoka yenyewe."

Nilikitazama kile kioo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu nikamwomba anirudishie barua.

"Iko na kosa?"

"Naomba iwe miezi kumi na mbili."

"Kwa kitu hiki? Mzee, itakuwa inakatwa bei ya mukate."

"Walinilipa kwa miezi kumi na mbili. Irudi kwa miezi kumi na mbili. Mwezi kwa mwezi wake."

Aliniangalia usoni. Nilidhani atauliza, nilikuwa nimeshaandaa uongo kuhusu karo na kodi ya nyumba. Hakuuliza. Alisema tu kwamba yeye hawezi kubadilisha kwa kalamu, pendekezo liandikwe upya, na mkuu wake ndiye anayekubali. Nikashuka ngazi, nikarudi kwa yule mwanamke wa kompyuta. Alibadilisha neno moja na kunilipisha ukurasa mzima. Sikuwa na nguvu za kugombana.

Mkuu aliniita siku tatu baadaye. Aliuliza kama nina matatizo nyumbani, kama kuna mgonjwa. Alisema mtu anayeleta mwenyewe pesa iliyozidi asione haya kusema amebanwa. Nikasema nimechoka tu. Hiyo ilikuwa kweli, akaiamini. Tukatia sahihi makubaliano: kiasi, miezi kumi na mbili sawasawa, kuanzia mwisho wa mwezi huo, na nikiacha kazi kabla, kilichobaki kitakatwa kwenye malipo ya mwisho. Nakala moja wao, nakala moja mimi.

Mke wangu aliipokea nakala yangu kwa furaha mpaka alipofika kwenye miezi.

"We deni unalipenda? Kitu cha kumaliza leo unakiburuza mwaka muzima?"

"Ndivyo walivyopanga."

"Imeandikwa hapa kwa ombi lako."

Nikasema chakula kimepoa. Alininunia siku nne, na mke wangu akinuna anapika vizuri zaidi, ili ujue unachokosa. Mwisho wa mwezi nilileta karatasi ya mshahara, na badala ya kuikunja nikamwachia mezani. Nilitoka kutawadha. Niliporudi alikuwa ameiinamia, kidole kiko chini kabisa, penye makato. Hakunitazama. Akaniuliza polepole, "Hii itakuwa inaandikwa kila mwezi?"

"Miezi kumi na mbili."

Akainuka, akaiweka kwenye kabati, ndani ya kaye, kwenye ule ukurasa. Habari ya deni haikutajwa tena nyumbani kwetu.

Baada ya hapo mwisho wa mwezi alikuwa ananisubiri. Kabla ya salamu, karatasi. Watoto wangu walidhani mama yao amekuwa mtu wa hesabu. Alikuwa anatafuta mstari mmoja, anaukuta, anaenda kabatini. Mimi nilikwenda kazini kwa miguu siku nyingi za mwaka ule, nikarudi na magoti yangu, na nasema wazi kwamba kitu pekee kilichonifanya niitamani karatasi ile ni yale makato. Wenzangu wa stoo wanalalamika kwa kukatwa. Mimi nilikuwa nahesabu miezi iliyobaki na kuona inakwisha haraka.

Binti alipiga simu mara mbili katika mwaka huo, kwa simu ya mama yake. Sauti imekuwa nzito kidogo. Ni wa pili darasani. Mara ya pili aliuliza habari ya kila mtu mmoja mmoja, halafu akacheka na kuuliza, "Baba, mi ningali mu karatasi?" Hakusema kaye, alisema karatasi. Nikamjibu yuko. Kwa mwezi ule ilikuwa kweli, nilikuwa nayo mfukoni.

Karatasi ya kumi na mbili ilikuja na mstari wake kama zote. Ya kumi na tatu Madamu alinipa mkononi mwenyewe, akaniambia nimemaliza, akanipa na barua fupi ya ofisi kwamba sidaiwi tena. Nikamshukuru. Nilitembea mpaka Buyenzi bila kuifungua.

Mke wangu aliichukua, akashuka na kidole mpaka chini. Kodi, akiba ya uzeeni, mkopo wa benki, basi. Mshahara ulikuwa umepanda kwa bei ya mikate michache. Alirudi juu, akasoma watoto wanne. Akaigeuza, akatazama nyuma, mahali ambapo hawajawahi kuandika kitu.

"Mzee," akasema, yeye aliyenisimanga kwa haramu. "Hawa watu wa ofisi hawawezi kukosea tena?"